Uzi: Walioasi kwa sababu ya kodi, mbona waliishia kuunda serikali yenye meno ya kutoza kodi?

Kipanga_wa_Pugu
Wakuu, naomba wajuzi wa historia mnisaidie. Makoloni 13 ya Amerika yaliasi dhidi ya Uingereza kwa sababu ya kodi, hilo kila mtu analijua. Ila mwaka 1787, miaka minne tu baada ya mkataba wa amani, watu walewale wanakaa Philadelphia na kuandika katiba inayoipa serikali kuu mamlaka ya kutoza kodi, ushuru na tozo za ndani. Walipigania nini sasa? Na kama walikubaliana, mbona Katiba yenyewe ilizua ubishi hadi ikapita kwa kura chache? Sitaki majibu ya "uhuru na demokrasia". Nataka kujua pesa ilikwendaje.

Sele_Tanga
Rahisi hiyo mkuu. Mfalme aliwapandishia bei ya chai, wakaona inawaumiza, wakaimwaga baharini Boston, vita ikaanza. Baadaye wakajua nchi haiendeshwi bila kodi. Basi.

Bi_Nyaraka
Sele, umwagaji wa chai ni kweli, ila bei haikupanda. Ilishuka. Ukilielewa hilo, nusu ya swali la Kipanga limejibika.

Kabla ya 1773, Kampuni ya Uhindi ya Mashariki ililazimika kuuza chai yake kwa mnada London. Wafanyabiashara wa kati wakainunua, wakaisafirisha Amerika, na kila mkono ukaongeza faida yake. Sheria ya Chai ya 1773 iliiruhusu kampuni kupeleka mzigo moja kwa moja na ikairudishia ushuru iliokuwa imelipa Uingereza. Kwa hiyo chai halali ingeuzwa kwa bei inayoshindana na ile ya magendo kutoka kwa Waholanzi. Kilichobaki ni ushuru mdogo wa peni 3 kwa ratili, uliowekwa tangu 1767 na kubakizwa kwa makusudi 1770 wakati ushuru wa vioo, karatasi, rangi na madini ya risasi ulipofutwa.

Ubaya wake ulikuwa wapi? Kwanza, kampuni iliteua mawakala wake yenyewe, na Boston wawili kati yao walikuwa watoto wa gavana Hutchinson. Mfanyabiashara ambaye hakuteuliwa alikuwa nje ya biashara, na mla magendo naye kadhalika. Pili, na hili ndilo kubwa, mapato ya ushuru yalitumika kumlipa gavana na majaji mishahara. Zamani mshahara wa gavana ulipigiwa kura na baraza la koloni, na baraza likiudhika linachelewesha. Ushuru ukishamlipa gavana, baraza halina tena cha kumshikia. Peni 3 haikumfilisi mtu. Iliwanyang'anya funguo za kasha.

Sele_Tanga
Nimekusoma dada. Sasa kwa nini waimwage? Si wangeacha tu kuinunua?

Bi_Nyaraka
Kwa sababu ya saa ya forodha. Meli ya Dartmouth iliingia Boston tarehe 28 Novemba 1773. Mzigo ulikuwa na siku 20 za kulipiwa ushuru. Zikipita, maofisa wanaukamata na kuuza, na ushuru unakatwa hukohuko. Yaani chai ikikaa bandarini tu, kodi imeshalipwa. Wenyeji walitaka meli irudi nayo Uingereza, Hutchinson akakataa kutoa kibali cha kuondoka. Muda ulikuwa unaisha tarehe 17 Desemba, na usiku wa tarehe 16 makasha 342 kutoka meli tatu yakavunjwa na kumwagwa. New York na Philadelphia meli za chai ya kampuni zilirudishwa bila kumwaga kitu, na Charleston chai ilishushwa ikafungiwa ghalani. Kilichoifanya Boston iwe tofauti ni ukaidi wa gavana mmoja.

London ikajibu 1774 kwa kuifunga bandari ya Boston na kubadili utawala wa koloni la Massachusetts. Makoloni mengine yakaona leo kwao, kesho kwetu. Vita ikaanza Aprili 1775, tangazo la uhuru likaja Julai 1776, vita ikaisha kwa mkataba wa 1783. Hayo ya vitani mnayajua, siyarudii.

Chifu_wa_Bara
Mimi nichangie jambo. Hii ni kama Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki kabisa. Nchi wanachama zinaahidi michango, haziitoi kwa wakati, malimbikizo yanapanda, watumishi Arusha wanalalamika. Marekani walitatua vipi? Labda nasi tuige.

Bi_Nyaraka
Chifu, umegusa penyewe, ingawa wao walikuwa na jeshi la kulisha wakati wa vita, Arusha haina.

Katiba yao ya kwanza, Mkataba wa Shirikisho, ilianza kazi tarehe 1 Machi 1781, Maryland ilipokuwa ya mwisho kutia saini. Chini yake Kongresi iliweza kutangaza vita, kukopa na kuchapa noti. Kutoza kodi haikuweza hata senti. Ilichoweza ni kupiga hesabu ya mahitaji, kuyagawia majimbo, kisha kuandika barua ya kuomba. Kila jimbo lingekusanya kwa sheria zake na kuleta. Hakuna kifungu kilichosema lisipoleta itakuwaje.

Kwa mwaka 1782 Kongresi iliomba dola milioni 8. Kilichoingia mwaka huo hakikufika hata sehemu moja ya kumi. Robert Morris, msimamizi wa fedha, alifikia kutoa hati zenye sahihi yake binafsi ili wauzaji wakubali kuuza. Noti zilishakufa mapema: Kongresi ilichapa zaidi ya dola milioni 200 bila kodi ya kuzirudisha, na Machi 1780 ikakubali yenyewe kwamba noti 40 ni sawa na dola moja ya fedha.

Wakili_Mpole
Naomba kuongeza kipengele ambacho watu wanakiruka. Mgao wa michango ulitakiwa kufuata thamani ya ardhi na majengo ya kila jimbo. Tatizo hakukuwa na daftari la ardhi la nchi nzima, na hakuna jimbo lililokuwa tayari kujithaminisha kwa haki wakati jirani anajipunguzia. Kwa hiyo 1783 Kongresi ikapendekeza kuhesabu watu badala ya ardhi. Hapo ndipo swali la watumwa lilipozuka. Majimbo ya kusini yakasema watumwa wahesabiwe kidogo, maana kila kichwa kinaongeza bili. Ya kaskazini yakataka wahesabiwe wengi. Wakavutana kati ya nusu na robo tatu, wakaafikiana watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu.

Miaka minne baadaye, kule Philadelphia, tarakimu ileile inachukuliwa kugawa viti vya bunge. Sasa kichwa kinaongeza kura, siyo bili tu, na pande zikageuka: kusini inataka watumwa wahesabiwe wote, kaskazini inataka wasihesabiwe. Anayetaka kujua ile tatu ya tano ilitoka wapi, aitafute kwenye daftari la kodi.

Kipanga_wa_Pugu
Aisee. Sasa kwa nini wasingebadilisha tu ule Mkataba, wakaipa Kongresi kodi moja ndogo?

Bi_Nyaraka
Walijaribu mara mbili.

1781 Kongresi iliomba ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia, ulipe madeni ya vita. Marekebisho yalihitaji majimbo yote 13. Karibu yote yakakubali. Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, ikakataa Novemba 1782. Sababu zake hazikuwa za kijinga: iliishi kwa bandari zake, na ushuru huo ulikuwa ndiyo njia yake nyepesi ya kulipa deni lake yenyewe. Tena wakauliza, hawa maofisa wa forodha wanaotumwa kutoka nje ya jimbo, wasiowajibika kwa baraza letu, wana tofauti gani na wale wa mfalme? Hoja ya Boston ya 1773, safari hii dhidi ya Kongresi iliyokaa Philadelphia. Virginia nayo ikaondoa kibali chake.

1783 wakaja na toleo laini: ushuru wa miaka 25 tu, na maofisa wateuliwe na majimbo yenyewe. Safari hii iliyokwamisha ni New York. Bidhaa za Connecticut na New Jersey zilipitia bandari ya New York, kwa hiyo ushuru walioulipa wateja wa majimbo jirani uliingia hazina ya New York. Gavana George Clinton alikuwa na mapato mazuri na kodi ndogo ya ardhi, akubali kwa nini? 1786 New York ikakubali kwa masharti yaliyoua maana ya kukubali, Kongresi ikakataa masharti. New Jersey ilishakasirika tangu Februari mwaka huo, ikatangaza haitalipa mchango wowote hadi New York ikubali. Kongresi ikafanyaje? Ikatuma wajumbe kwenda kuibembeleza.

Nikurudie Chifu. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki unakusanywa na mamlaka ya mapato ya kila nchi, siyo na Arusha. Muundo huo uko karibu na toleo la 1783 kuliko Katiba ya 1787. Kama tuige au tusiige, huo ni uzi mwingine.

Mzee_wa_Gati
Asilimia 5! Mbona mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani wa 1833 nao uliweka asilimia 5 kwa mizigo inayoshushwa Unguja? Ndiyo ile biashara ya merikani na pembe. Kumbe walikuja na kiwango chao kutoka kwao?

Wakili_Mpole
Shikamoo mzee. Mkataba wa 1833 ni kweli na asilimia 5 ni kweli, ila sioni ushahidi wa kuunganisha na pendekezo la 1781. Asilimia 5 ilikuwa kiwango cha kawaida cha ushuru sehemu nyingi za dunia enzi hizo. Tusiusukume mbali.

Sele_Tanga
Kwa hiyo ndipo wakulima wa Massachusetts wakaasi chini ya Daniel Shays, matajiri wakaogopa, wakaenda kuandika Katiba. Hii nimepatia?

Bi_Nyaraka
Nusu.

Massachusetts iliamua kulipa deni lake la vita haraka na kwa thamani iliyoandikwa kwenye hati. Askari wengi waliolipwa kwa hati hizo walishaziuza kwa bei ya kutupa kwa sababu ya njaa, hivyo anayelipwa sasa ni mlanguzi wa Boston. Fedha ya kumlipa ilitoka kwenye kodi ya ardhi na kodi ya kichwa, na kodi ya kichwa haiulizi una ng'ombe wangapi. Halafu ilidaiwa kwa sarafu za fedha, wakati wakulima wa magharibi ya jimbo waliishi kwa kubadilishana nafaka na kazi. Asiyelipa anapelekwa mahakamani, shamba au mifugo inauzwa, au anafungwa kwa deni.

Ndiyo maana walizifuata mahakama. Tarehe 29 Agosti 1786 umati ulizuia mahakama ya Northampton isikae. Mahakama isipokaa, hakuna hukumu ya deni, na bila hukumu hakuna mnada. Hesabu safi kabisa. Gavana Bowdoin alipotaka jeshi, hazina ya jimbo ilikuwa tupu, na Kongresi haikuwa na cha kutoa. Wafanyabiashara wa Boston wakachanga wao wenyewe, na kwa pesa hiyo Jenerali Lincoln akaongoza wanamgambo wapatao 3,000. Tarehe 25 Januari 1787, kabla Lincoln hajafika, watu wa Shays waliiendea ghala ya silaha ya Springfield, wakapigwa kwa mizinga na walinzi, wanne wakafa.

Sasa angalia tarehe. Virginia iliitisha mkutano wa biashara wa Annapolis tangu Januari 1786, kabla mahakama ya Northampton haijazuiwa. Mkutano ulikaa Septemba, majimbo matano tu yakafika, na ndio uliopendekeza kikao cha Philadelphia. Kwa hiyo Shays hakuanzisha safari. Alichofanya ni kuwatia hofu waliokuwa wanasitasita. Kongresi ilitoa baraka zake tarehe 21 Februari 1787, wiki chache baada ya risasi za Springfield.

Wakili_Mpole
Hapo sikubaliani sana nawe dada. Ushuru ulishakwama mara mbili bila Shays, na ungeendelea kukwama. Majimbo 12 hayakutuma wajumbe kwa sababu ya barua ya Annapolis. Yalituma kwa sababu ya mahakama zilizofungwa. Angalia kifungu kinachoyakataza majimbo kuchapa noti na kuvunja mikataba ya deni. Hicho kimeandikwa na watu waliomwona mkulima mdaiwa kuwa ni tishio.

Bi_Nyaraka
Kifungu hicho kinaihusu zaidi Rhode Island, iliyochapa noti 1786 na kumtoza faini mfanyabiashara anayezikataa. Massachusetts haikuchapa. Lakini sawa, wanahistoria wenyewe wamegawanyika kwenye uzito wa Shays, hatutalimaliza hapa.

Kipanga_wa_Pugu
Tuje Philadelphia. Walitatuaje tatizo la jimbo moja kukwamisha 12?

Bi_Nyaraka
Kwa njia mbili, na zote mbili zilizua ugomvi.

Ya kwanza: acha kuliomba jimbo, mtoze mtu. Chini ya Mkataba, serikali kuu ilizungumza na majimbo tu. Jimbo likikataa, dawa iliyobaki ni kulipelekea jeshi, yaani vita. Katiba ikafanya sheria ya shirikisho imfikie nahodha wa meli moja kwa moja: ofisa wa forodha wa shirikisho anasimama bandarini, nahodha anakabidhi orodha ya shehena, mwenye mali analipa au anaweka dhamana, akikaidi mahakama ya shirikisho inataifisha mzigo. Baraza la New York linaweza kupiga kura ya kukataa usiku kucha, meli itakuwa imeshalipa. Kodi ya moja kwa moja, kama ya ardhi na kichwa, iliruhusiwa pia, ila igawanywe kwa idadi ya watu wa kila jimbo kwa ile tatu ya tano. Ushuru wa bidhaa zinazotoka ukapigwa marufuku, kusini isingekubali tumbaku na mchele wake viguswe.

Ya pili ni Kifungu cha Saba: Katiba itaanza kazi kwa majimbo 9 yatakayoikubali, na itakayoamua ni mikutano maalumu iliyochaguliwa na wananchi, siyo mabaraza ya majimbo. Mabaraza ndiyo yaliyokuwa yanapoteza mapato, ungewauliza hao?

Wakili_Mpole
Na hapo kisheria pananuka. Mkataba ulisema wazi hautabadilishwa bila mabaraza ya majimbo yote 13. Kongresi iliruhusu kikao kirekebishe Mkataba, wao wakauzika. Utetezi wao ulikuwa kwamba wananchi ndio chanzo cha mamlaka na wakiridhia wao imetosha. Mwingine atauita huo mapinduzi kwa kura. Mimi nauona hivyo, mwingine aje na hoja.

Chifu_wa_Bara
Sasa wapinzani walitaka nini hasa? Si walikuwa na haki za binadamu kichwani?

Bi_Nyaraka
Haki zilikuwemo. George Mason wa Virginia aliomba tamko la haki tarehe 12 Septemba 1787, siku tano kabla ya kutia saini, majimbo yote yaliyokuwepo yakakataa, naye akagoma kusaini. Wajumbe 39 walisaini kati ya 55 waliopata kuhudhuria. Lakini soma mapendekezo ya mikutano ya majimbo, utakuta kodi iko juu kabisa.

Chukua Massachusetts. Mkutano wake ulianza Januari 1788, miji mingi ya magharibi imetuma wajumbe wa kukataa. Kura ikipigwa siku ya kwanza, Katiba inaanguka. Wafuasi wa Katiba wakatumia wiki kadhaa kujadili kifungu kwa kifungu, wakamshawishi John Hancock, mwenyekiti aliyekuwa anajiuguza jongo nyumbani, aje na mapendekezo tisa ya marekebisho. Ujanja wake: siyo masharti, ni maombi. Kubali kwanza, kisha wabunge wetu watayadai. Tarehe 6 Februari ikapita kwa 187 dhidi ya 168. Watu kumi wangegeuka, imekwisha. Majimbo mengi yaliyofuata yakaiga njia hiyo, ikiwemo Virginia kwa 89 dhidi ya 79 na New York kwa 30 dhidi ya 27.

Mojawapo ya mapendekezo yale tisa lilisema Kongresi isitoze kodi ya moja kwa moja ila pale ushuru wa forodha na wa bidhaa usipotosha, na hata hapo iyaombe majimbo kwanza. Mkulima wa magharibi alikuwa anasema: chukueni kwenye meli, msije shambani kwangu.

Kipanga_wa_Pugu
Na lilipita? Kwenye yale marekebisho kumi ya kwanza ya Katiba silioni.

Bi_Nyaraka
Hulioni kwa sababu James Madison, mbunge wa Virginia, aliliacha nje. Juni 1789 alileta mapendekezo yake, akachagua yale ya haki za mtu na kuyakwepa yale yanayopunguza nguvu ya serikali. Thomas Tudor Tucker wa South Carolina akalirudisha la kodi bungeni Agosti, likaangushwa kwa kura 39 dhidi ya 9. Kongresi ikapeleka marekebisho 12 kwa majimbo, 10 yakakamilika Desemba 1791.

Sele_Tanga
Kwa hiyo wapinzani walipigwa chenga?

Wakili_Mpole
Kwa maandishi, ndiyo. Kwa vitendo siyo sana. Sheria ya kwanza ya ushuru ilisainiwa na Rais George Washington tarehe 4 Julai 1789, na bidhaa ambazo hazikutajwa kwa jina zilitozwa asilimia 5, ileile iliyokataliwa 1782. Kwa miaka mingi mapato ya shirikisho yalitoka bandarini hasa, kama mkulima alivyotaka. Walipojaribu kuingia shambani kwa tozo ya pombe kali ya 1791, magharibi ya Pennsylvania ikawaka, na 1794 Washington alipeleka wanamgambo karibu 13,000. Safari hii hakuna mfanyabiashara aliyeombwa achange.

Mzee_wa_Gati
Na Rhode Island, yule mkaidi wa kwanza, iliishia wapi?

Bi_Nyaraka
Mzee, haikutuma hata mjumbe mmoja Philadelphia. Washington aliapishwa Aprili 1789 bila yake. Mei 1790 Seneti ikapitisha muswada wa kukata biashara nayo kama nchi ya kigeni. Tarehe 29 Mei mkutano wake ukakubali, 34 dhidi ya 32.